Misuli Inayoinua Kikombe

Msikilizaji wa Eldoret, inua kikombe cha mursik kwa kukunja kiwiko. Msuli wa mbele, juu ya kiwiko, ndio mtendaji mkuu. Wa nyuma, mpinzani wake, hulegea kuupisha. Msuli wa kigasha upande wa kidole gumba ni msaidizi, nayo misuli ya bega ni vidhibiti: hushikilia mfupa usiyumbe.

Utasema kikombe kikishuka ni zamu ya mpinzani. La. Kishushe polepole, ukiupapasa mkono huo kwa mwingine: mbele bado pamekaza, kwa kuwa uzito ndio unaoshusha na msuli wa mbele unauzuia. Lakini ukiigandamiza meza kwa kiganja, wa nyuma hukaza. Sasa huo ndio mtendaji, na wa mbele ndio mpinzani.