"Wasichana hawapendi sayansi": tuichunguze hoja hii

Hii ni hotuba fupi niliyotoa kwa wenzangu hapa Kisumu. Naiweka kwenye uzi wetu wa hoja za majukwaani.

Kila kampeni lazima mtu aseme wasichana wenyewe ndio hawataki sayansi. Lakini angalieni KCSE: biolojia wasichana wamejaa. Pengo liko fizikia, ambako wavulana ni wengi kwa mbali. Sasa kama tatizo ni sayansi, mbona biolojia hawaikimbii?

Mwaka 1991 mtafiti Anna Obura alichapisha kitabu kuhusu wanawake katika vitabu vya shule vya Kenya. Aliwakuta wachache kuliko wanaume, na hata mkulima akachorwa mwanamume. Mkulima, jamani! Nendeni Nyakach asubuhi mwone nani ameshika jembe.

Siku hizi vitabu hupitishwa na KICD, na kuhesabu picha tu hakutoshi. Picha zinaweza kuwa nusu kwa nusu na ujumbe ukabaki ule ule. Hesabu vitenzi. Nani anapima, anasukuma, anaunganisha waya? Nani anatazama tu, ama anabeba maji? Kiswahili kinatuficha kidogo: "mvuvi alivuta wavu" haisemi ni mke au mume. Fizikia yetu ni ya Kiingereza, na huko kiwakilishi kinakulazimisha kuchagua.

Tuchukue mama wa Dunga anayeanika omena. Kilo 20 mbichi, zikikauka zinabaki tuseme kilo 5. Maji kilo 15 yameenda hewani, na kila kilo imehitaji kama jouli milioni 2.4. Jumla milioni 36, zote za jua. Anazitandaza nyembamba ili eneo liwe kubwa, na upepo wa ziwa unaondoa mvuke. Hiyo ni sura nzima ya uvukizaji. Kwa nini mfano uwe tu wa kijana anayepiga mpira?

Sisemi ni kitabu peke yake. Shule isiyo na maabara haitaokolewa na picha. Mimi niliacha fizikia mwisho wa Fomu 2, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Wavulana waliotaka kuiacha waliitwa ofisini wakabembelezwa. Uhandisi ukafungwa hapo, nikiwa na miaka 16. Siasa naipenda, lakini sikujua siku ile kwamba nafunga mlango.

Sasa uamuzi umesogezwa mapema zaidi. Mwanafunzi anachagua mkondo akiwa Gredi 9, na kundi la kwanza liliingia Gredi 10 Januari 2026. Kwa hiyo vitabu vya kuchunguza kwanza ni vya Gredi 7 hadi 9.

Mdogo wangu yuko Gredi 8. Juzi nilimpa ile hesabu ya omena. Akaimaliza, kisha akaniuliza: na mvua ikinyesha kabla zikauke, mama anapoteza pesa ngapi? Bado tunaipiga.