KUIANDIKIA BENKI ILI RIBA YA MKOPO IPUNGUZWE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumeombwa kusema habari ya mikopo ya benki ambayo wengi wetu tunailipa sasa kwa kukatwa mshahara. Hatusemi habari ya kukopa upya. Twasema habari ya mkopo ulio nusu ya safari, ambao riba yake iliwekwa wakati fedha ilikuwa ghali, na sasa fedha imeshuka bei lakini makato yako hayajashuka hata senti moja. Je, mtu aweza kuiandikia benki na kuomba riba ipunguzwe? Aweza. Lakini barua ya kulia shida haifai kitu. Yafaa barua yenye hesabu.

Kwanza na tuelewe riba imejengwa na nini. Riba ya benki ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni bei ya fedha yenyewe sokoni. Bei hiyo hufuata kiwango kinachotangazwa na Benki Kuu ya Kenya. Kipande cha pili ni nyongeza ya benki: gharama ya kazi yake, faida ya wenye hisa, na hofu yake kwamba wewe mkopaji huenda usilipe. Mwaka 2025 Benki Kuu iliagiza kwamba mikopo yenye riba inayobadilika ihesabiwe waziwazi hivyo, yaani kiwango kimoja cha soko kiitwacho KESONIA, kisha nyongeza juu yake. Mikopo mipya ilitakiwa kuanza hivyo Desemba 2025, na ya zamani kuhamishwa kufikia mwisho wa Februari 2026.

Twayasema haya kwa sababu barua yako ina silaha mbili, na kila moja hupiga kipande chake. Habari za soko hupiga kipande cha kwanza. Usafi wa malipo yako hupiga kipande cha pili, ile hofu. Mtu akiandika tu, "Mimi hulipa vizuri," benki itajibu kwamba kulipa vizuri ndiko mlikokubaliana. Akiandika tu, "Riba zimeshuka," watajibu kwamba yeye ni mtu wa hatari. Akiyaweka yote mawili, karani hana mahali pepesi pa kukimbilia.

Kabla ya kuandika, itoe barua ya mkopo uliyotia sahihi na utafute mambo mawili. Je, riba ni ya kubadilika au imefungwa mpaka mwisho? Kama ni ya kubadilika, una haki ya kuuliza mbona ilipanda soko lilipopanda na haikushuka soko liliposhuka. Kama imefungwa, huwezi kudai; unaomba tu, na lugha ya barua iwe ya kuomba. La pili, je, riba huhesabiwa juu ya deni linalobaki, au juu ya fedha yote ya mwanzo mpaka mwisho? Asilimia za namna hizo mbili hazilinganishwi, ingawa huandikwa kwa tarakimu zile zile.

Sasa natuchukue mfano. Mfanya kazi wa karakana alikopa shilingi 500,000 mwezi wa Machi 2024 kwa miezi 60, riba asilimia 18 kwa mwaka juu ya deni linalobaki. Makato yake ni shilingi 12,697 kila mwezi. Kufikia mwisho wa Septemba 2025 amelipa mara 18, zimebaki mara 42, na deni lililobaki ni kama shilingi 393,500. Angalieni vizuri: amekwisha toa zaidi ya 228,000, na deni limepungua kwa 106,500 tu. Zilizobaki zimekwenda kwa riba.

Silaha ya kwanza, soko. Alipokopa, kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 13, kilichowekwa Februari 2024. Kuanzia Agosti mwaka huo kilishushwa hatua kwa hatua, na Agosti 2025 kikawa asilimia 9.5. Ni pointi tatu na nusu. Ukiandika wewe, weka kiwango cha mkutano wa mwisho wa Benki Kuu siku unapoandika, wala si hiki cha mfano. Lakini kiwango hicho peke yake hakitoshi, maana benki hukopa kwa wenye akiba kwa bei za zamani pia, na yaweza kusema bado haijaona nafuu. Kwa hiyo ongeza bei ambayo benki ile ile inampa mteja mpya leo kwa mkopo wa namna ile ile. Nenda kaunta uulize, uchukue karatasi. Tuseme kwa mfano wetu ni asilimia 15. Hapo hawawezi kusema fedha haijashuka, kwa kuwa wao wenyewe wanaiuza kwa bei ya chini kwa mtu wasiyemjua. Usilete riba ya chama cha akiba na mikopo wala ya mkopo wa nyumba; watakuambia hizo ni bidhaa nyingine, nao watakuwa wamesema kweli.

Silaha ya pili, usafi wa malipo. Hapa ndugu zetu wengi hukwama bila kujua. Hati yako ya mshahara yaonyesha umekatwa mwezi huo. Haionyeshi kwamba fedha ilifika benki. Mwajiri akichelewesha kuipeleka, kitabu cha benki kitaandika kwamba wewe ndiye uliyechelewa. Kwa hiyo omba stetimenti ya mkopo kutoka benki, ulinganishe tarehe ya kila pokeo na tarehe ya kulipa iliyo katika mkataba. Kisha omba ripoti yako katika moja ya ofisi za kumbukumbu za mikopo, zile watu huziita CRB. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti moja bure kwa mwaka. Ukikuta umeandikwa umechelewa na kosa ni la mwajiri, usipeleke barua bado. Pata kwanza barua ya ofisi ya mishahara inayotaja tarehe walizokata na tarehe walizopeleka, uombe kumbukumbu irekebishwe. Kazi hiyo mwakilishi wa chama aweza kukusaidia.

Barua yenyewe iwe fupi. Yaweza kuwa hivi:

"Kwa Meneja wa Tawi. Mkopo nambari (andika). Bwana Meneja, mwezi wa Machi 2024 benki yako ilinipa mkopo wa shilingi 500,000 kwa miezi 60, riba asilimia 18. Nimelipa mara 18, kila mara kwa siku yake, kama zionyeshavyo stetimenti na ripoti nilizoambatisha. Nilipokopa, kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 13. Tangu Agosti 2025 ni 9.5. Leo tawi lako linawapa wateja wapya mkopo kama huu kwa asilimia 15. Naomba riba yangu iwe asilimia 15 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, na miezi iliyobaki ibaki 42 bila kuongezwa. Naomba jibu la maandishi kwa muda wa siku 21. Kama haiwezekani, naomba kuandikiwa kiwango cha msingi na nyongeza vinavyofanya riba yangu. Nitaendelea kulipa kama kawaida."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa tarehe urudi nayo. Wala usiache kulipa hata mwezi mmoja ukingoja jibu, kwa maana utakuwa umeivunja silaha yako mwenyewe.

Je, faida yake ni nini? Kwa asilimia 15 makato yatakuwa kama shilingi 12,100. Ni nafuu ya karibu 600 kwa mwezi, na kwa miezi 42 ni kama 25,000. Benki ikikutana nawe njiani kwa asilimia 16, makato ni kama 12,297, nafuu ya 400 kwa mwezi, jumla kama 16,800. Na kama mkono wako waweza, ukipewa asilimia 15 omba uendelee kulipa 12,697 zile zile. Mkopo utaisha kwa malipo 40, la mwisho likiwa dogo, na utakuwa umeokoa zaidi ya shilingi 32,000.

Sasa jihadharini na jibu moja ambalo lina sura ya fadhili. Meneja atakwambia, "Tumekusikia, makato yako yatashuka mpaka shilingi 9,993." Mtu hufurahi na kutia sahihi. Lakini akisoma ataona riba ni asilimia 18 ile ile. Kilichofanyika ni miezi kuongezwa kutoka 42 mpaka 60. Jumla ya kulipa inatoka 533,000 kwenda karibu 600,000. Ameongezewa zaidi ya shilingi 66,000 huku akisema asante. Tena mkopo uliopangwa upya waweza kuandikwa hivyo katika kumbukumbu zako, kana kwamba ulishindwa. Kwa hiyo jibu lolote likija, tazameni mistari mitatu: asilimia, idadi ya miezi, na jumla yote. Makato ya mwezi yasomwe mwisho.

Benki ikikataa kabisa, bado kuna mlango. Benki nyingine yaweza kuununua mkopo wako. Pata toleo lao kwa maandishi, ulirudishe kwa meneja wako. Mara nyingi karatasi hiyo husema kuliko barua. Lakini kabla ya kuhama, jumlisha ada ya kuandika mkopo mpya, bima, na adhabu ya kulipa mapema kama imo katika mkataba wa zamani. Ada ya asilimia 3 tu juu ya 393,500 ni kama shilingi 11,800, yaani karibu nusu ya zile 25,000. Na kadiri miezi inavyobaki michache, ndivyo faida ya kuhama inavyopungua. Aliyebakiwa na miezi minane heri amalize.

Na ikiwa riba yako ni ya kubadilika, nayo benki haitaki hata kukuandikia jinsi ilivyohesabiwa, peleka malalamiko kwanza kwa ofisi ya malalamiko ya benki hiyo, kisha kwa Benki Kuu, pamoja na ile nakala yenye muhuri.

Wenye mikopo ya namna hii walete barua zao za mkopo na stetimenti ofisini mwa tawi Jumamosi. Tutakaa pamoja, tupige hesabu ya kila mmoja kabla barua haijaandikwa.