Televisheni Inayojizima: Tazama Kwanza Matundu ya Hewa



Televisheni inayojizima yenyewe katikati ya taarifa ya habari si lazima iwe imekufa. Mara nyingi imejizima ili isife. Televisheni nyingi bapa za siku hizi zina kinga ya ndani ambayo hukata umeme pindi joto linapopita kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Kabla ya kumwita fundi abadilishe bodi, inafaa tujiulize kwanza: je, kifaa hiki kinapata hewa?

Televisheni hutoa joto kutoka sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni taa zinazoangaza kioo kwa nyuma. Ya pili ni bodi ya umeme inayobadilisha umeme wa ukutani uwe wa kiwango kinachohitajika ndani. Televisheni nyingi hazina feni. Hutegemea kanuni rahisi kwamba hewa yenye joto hupanda: hewa baridi huingia kwa matundu ya chini na ya mgongoni, hupokea joto, kisha hutoka kwa matundu ya juu. Ukiziba njia ya kuingia au ya kutokea, mzunguko huo hukoma, na joto hubaki ndani.

Tuchukue mfano wa familia moja yenye televisheni ya inchi 43 iliyowekwa ndani ya kabati la sebuleni. Kabati hilo lilichongwa kwa kipimo cha televisheni yenyewe, hivyo pembeni hapapiti hata kidole. Juu ya televisheni kimetandazwa kitambaa cha kufuma, na ncha yake inaning'inia mgongoni, juu ya matundu. Chini yake, katika nafasi hiyo hiyo, kimewekwa king'amuzi, ambacho nacho hutoa joto mchana kutwa. Jioni televisheni huwaka vizuri kwa dakika 50, kisha huzimika. Wakiiwasha papo hapo, hudumu dakika 10 tu. Wakiiacha ipoe kwa saa nzima, hudumu tena dakika 50.

Mpangilio huo wa dakika ndio ushahidi wetu. Hitilafu ya joto hufuata joto: kifaa kilichopoa hudumu muda mrefu, na kilicho moto bado hudumu muda mfupi. Ikiwa televisheni huzimika bila utaratibu wowote, hata inapokuwa baridi, chanzo kinaweza kuwa soketi iliyolegea, umeme unaopungua nguvu, au bodi yenye hitilafu. Ikiwa huzimika baada ya muda ule ule kila siku, hasa baada ya saa kadhaa bila mtu kugusa rimoti, yaelekea ni mpangilio wa kujizima uliomo katika menyu, wala haidaiwi chochote na fundi.

Familia hiyo inaweza kuthibitisha jambo hili bila gharama. Wazime televisheni, wachomoe plagi na nyaya, waiache ipoe, kisha watu wawili waibebe na kuiweka juu ya meza imara iliyo wazi pande zote, isiyopigwa na jua. Wakiiwasha ikafanya kazi saa tatu mfululizo bila kujizima, basi mwenye kosa ni kabati. Ikizimika hata hapo mezani, ni wakati wa kumwita fundi aliyeidhinishwa.

Dawa ya kabati ni nafasi. Vitabu vingi vya maelekezo vya watengenezaji hutaka takriban sentimita 10 kila upande, lakini kitabu cha televisheni yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Kitambaa kiondolewe. King'amuzi kihamishiwe rafu nyingine. Ubao wa nyuma wa kabati ukikatwa dirisha pana, hewa hupata njia; na ikiwa nafasi haiwezi kupatikana, televisheni itoke kabatini.

Wengi hudhani kwamba kutundika ukutani humaliza tatizo. Humaliza pale tu fremu ya chuma inapoiacha televisheni mbali na ukuta. Zipo fremu nyembamba zinazoigandamiza karibu na ukuta kabisa, hata nyaya zikajikunja na matundu ya mgongoni yakakosa hewa. Kabla ya kununua fremu, hakikisha mambo matatu: kwamba matundu yake ya skrubu yanalingana na yale ya mgongoni mwa televisheni, kwamba inabeba uzito wake, na kwamba inaacha nafasi iliyotajwa na mtengenezaji. Usichague ukuta unaopigwa na jua la alasiri wala ulio juu ya jiko. Televisheni nyingi zimeundwa kufanya kazi mahali ambapo joto la hewa halizidi nyuzi 40 za selsiasi, na mvuke wa jiko huacha mafuta yanayonasa vumbi.

Hapo tunafika kwenye vumbi. Vumbi likitanda juu ya matundu huwa kama blanketi. Katika miji ya pwani lina hatari ya ziada, kwa kuwa huchanganyika na chumvi na unyevu, na mchanganyiko huo huweza kupitisha umeme. Kulisafisha ni kazi ya nyumbani, ila kwa utaratibu huu.

Zima televisheni, kisha chomoa plagi kutoka kwenye soketi. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Subiri angalau nusu saa ili ipoe. Chukua brashi laini na kavu, mfano brashi mpya ya rangi, upanguse matundu kwa nje, ukianzia ya juu kuelekea ya chini. Kama una kifyonza vumbi, kiweke katika nguvu ndogo na ukishike karibu na brashi ili kivute vumbi linaloinuka. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa mate na unyevu huingia ndani, wala usitumie upepo mkali wa pampu unaolisukuma vumbi ndani zaidi. Usiingize waya, kijiti wala kisu katika tundu lolote. Kioo kipanguswe kwa kitambaa laini kikavu. Usinyunyizie maji, spiriti wala mafuta ya taa. Kazi hiyo ikifanyika kila baada ya miezi mitatu, au kila mwezi kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, inatosha.

Mpaka wa kazi yako ni kifuniko cha mgongoni. Usikifungue, hata kama plagi imechomolewa. Ndani ya bodi ya umeme mna kapasita, vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme, na volti zaidi ya 300 zinaweza kubaki humo kwa muda baada ya kuchomoa. Umeme huo humtosha mtu kudhurika. Tena, kuvunja lakiri ya kifuniko mara nyingi hufuta waranti yako dukani.

Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, ukiona moshi, au plagi ikiwa moto mkononi, usifanye jaribio lolote kati ya haya. Zima swichi ya ukutani ikiwa ni salama kuifikia, chomoa plagi ikiwa haina moto, na usiiwashe tena kabla fundi hajaikagua. Fundi huyo akija, mweleze televisheni ilikuwa wapi, ilizimika baada ya dakika ngapi, na ilifanya nini ilipowekwa mezani. Kwa maelezo hayo hatakuwa na sababu ya kukuuzia bodi usiyoihitaji.