Lengo Lisilopimika Halina wa Kulijibia

Ndugu zetu, wengi katika safu hizi ni walimu, wauguzi na maafisa wa halmashauri, na wengine ni viongozi wa vikundi. Tumeombwa tuzungumzie namna ya kuwawekea watu wanaofanya kazi pamoja malengo yanayopimika.

Mwaka 2004 Serikali ilianzisha Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, MWAMTUKA, ambao wengi tuliuzoea kwa jina la OPRAS. Kabla ya hapo tathmini ya mtumishi ilikuwa siri ya mkubwa wake. Chini ya mfumo huo mpya, mkubwa na mtumishi walipaswa kukubaliana malengo mwezi Julai, kuyapitia mwezi Desemba na kuyatathmini mwezi Juni. Miaka ya karibuni fomu hizo zimepisha mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Hata hivyo, chombo kikibadilika, ugonjwa wa malengo ya jumla waweza kubaki palepale.

Tuchukue mfano wa kubuni. Maafisa ugani wanne wanahudumia vijiji vinne vya mkoa wetu wa Singida, na lengo lao limeandikwa hivi: "Kuhamasisha wakulima kulima alizeti kwa njia bora." Mwezi Juni atakayesema wamefaulu na atakayesema wameshindwa wote watakuwa na hoja, kwa sababu haikusemwa ni wakulima wangapi, njia bora ni ipi, wala mwisho wake ni lini. Wala haijulikani nani kati ya wale wanne alifanya kazi na nani alibebwa na wenzake.

Sasa tuliandike upya: "Ifikapo tarehe 15 Februari, wakulima 120 katika vijiji vinne, 30 kila kijiji, wawe wamepanda alizeti kwa mistari, sentimeta 75 kati ya mistari na sentimeta 30 kati ya miche, msimu uliopita walikuwa 40." Ile 40 ndiyo mahali pa kuanzia, na bila hiyo 120 haina maana. Kila kijiji kina afisa wake, hivyo kila mmoja anajua fungu lake.

Kipimo nacho kiwe cha kushikika. Miche ikishaota na kupunguzwa, afisa ananyoosha kamba ya meta 10 juu ya mstari na kuhesabu. Kwa nafasi hiyo atakuta miche 33 hivi. Akikuta 50, shamba limebanana. Akikuta 15, mbegu nyingi hazikuota au zililiwa. Arudie sehemu tatu za shamba, si ukingoni mwa barabara pekee. Kisha mkubwa wao achague mwenyewe mashamba 12 kati ya yale 120, akayapime bila kutangulia kutoa taarifa.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini tusiandike magunia, ilhali mkulima anataka magunia? Ni kwa sababu mvua zetu ni za msimu mmoja, na ndege nao wanakula alizeti. Afisa hawezi kuhukumiwa kwa ukame. Mavuno yaandikwe kila mwaka, ili tujue kama nafasi ile inamfaa mkulima, lakini yasiwe ndiyo mizani ya mtumishi. Mtumishi apimwe kwa lililo mkononi mwake, naye apewe nyenzo. Afisa aliyekosa mafuta ya pikipiki hawezi kudaiwa kijiji ambacho hakuweza kukifikia.

Mapitio ya Desemba nayo yataka busara. Wakati huo upanzi ndio kwanza unaanza, basi hakuna miche ya kuhesabu. Kinachoulizwa ni maandalizi: wakulima wangapi wameandikishwa, na wangapi wana mbegu tayari. Wakiwa 60 tu, bado upo muda wa kurekebisha. Ikigunduliwa Juni, imebaki lawama.

Mwisho, tuogope namba inayogeuka kuwa sanamu. Mwaka 2013 mpango wa Matokeo Makubwa Sasa uliweka shabaha ya ufaulu shuleni: asilimia 60 mwaka huo, 70 mwaka 2014 na 80 mwaka 2015. Shabaha hizo zilikuwa wazi. Lakini mwaka huohuo wa 2013 viwango vya madaraja ya kidato cha nne vilibadilishwa. Vyovyote iwavyo sababu, rula ikibadilika katikati ya kipimo, ufaulu wa leo haulinganishiki na wa jana, na mzazi hawezi kujua kama mwanawe amejifunza zaidi. Kadhalika afisa akipimwa kwa idadi ya sahihi za mahudhurio, ataleta sahihi, na mashamba yatabaki yalivyokuwa.

Basi kila mwenye kuongoza wenzake asome lengo lake na aulize: je, watu wawili wasiopatana, wakienda kupima kila mmoja kwa wakati wake, watarudi na jibu moja? Wasiporudi nalo, aliandike upya kabla kazi haijaanza.

Wabillahi tawfiq.