Kushuka kwa Vyombo Bila Mitambo ya Uwanjani

Tangu 2003, mfumo wa WAAS wa Marekani huwawezesha marubani kushuka kwa vyombo hata kwenye viwanja vidogo visivyo na mitambo ya redio ya kuongoza ndege kutua. GPS peke yake haitoshi: mawimbi yake hucheleweshwa angani, na kimo hukosewa kwa mita kadhaa. Vituo 38 vya ardhini, ambavyo mahali pake panajulikana barabara, hupima kosa hilo, kisha masahihisho hurushwa kwa ndege kupitia setilaiti nyingine.

Pasipo vilima wala minara karibu, rubani hushuka hadi futi 200 kabla ya kulazimika kuiona njia ya kutulia.

La thamani zaidi ni onyo. Shaka ya kimo ikizidi mita 35, chombo humtahadharisha rubani ndani ya sekunde chache, naye hupaa tena.