Choo Kilichoziba na Mfereji Unaovuja: Mazungumzo kwa Wakazi wa Thika na Ruiru



Choo kinapoziba, msivute maji mara ya pili, kwani kitafurika. Tafuteni kwanza mahali palipoziba. Chukueni mfano wa ploti ya wapangaji Makongeni. Choo kimoja kimejaa maji, majirani hawana shida, na menholi iliyo nje ikifunuliwa ni tupu. Hapo kizuizi kiko kati ya bakuli la choo na menholi, na mwenye nyumba anaweza kukiondoa mwenyewe. Lakini menholi ikiwa imejaa, tatizo liko mbele zaidi. Ikiwa nyumba imeunganishwa na laini ya maji taka, pigieni simu kampuni ya maji: THIWASCO kwa Thika, RUJWASCO kwa Ruiru. Kama ploti inatumia tangi la maji taka, huenda limejaa na linahitaji kunyonywa. Mtu asiingie ndani ya menholi wala tangi. Hewa yake huua.

Kwa kizuizi cha karibu, vaeni glavu, mfunge kichwa cha mopu kuukuu kwa plastiki ngumu hadi kizibe vizuri tundu la bakuli. Maji yafunike kichwa hicho. Sukumeni polepole mara ya kwanza ili hewa itoke, kisha sukumeni na kuvuta kwa nguvu mara 15 au 20. Kuvuta ndiko hulegeza uchafu. Maji yakishuka ghafla, njia imefunguka. Mwageni nusu ndoo kuhakikisha. Yasipofunguka, wekeni sabuni ya maji na maji ya moto kiasi, msubiri dakika 20, mrudie. Maji yanayochemka yanaweza kupasua bakuli.

Sasa mfereji. Wekeni chupa ya nusu lita chini yake. Ikijaa kwa saa moja, mfereji huo unapoteza lita 12 kwa siku, yaani lita 360 kwa mwezi: mitungi 18 ya lita 20.

Fungeni maji kwenye mita, kisha fungueni mfereji yaliyobaki yaishe. Fungueni nati kubwa ya juu kwa spana, mtoe shina. Chini yake kuna mpira mdogo wa mviringo, washa. Ukiwa na alama ya kuliwa, badilisheni na mwingine wa saizi ile ile kutoka duka la hadiwea. Duka likiwa limefungwa, ugeuzeni upande wa pili. Utawafaa siku chache.

Mkiweka washa mpya na maji bado yanadondoka, huenda kiti cha shaba ndani ya mfereji kimelika, na mfereji mzima ukahitaji kubadilishwa. Mifereji inayofungwa kwa robo mzunguko mingi haina washa ya namna hii. Hiyo aitiwe fundi.