Dagaa Wale Wale, Hesabu Mbili

Mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama anayepima mlo wake kwa programu mbili za simu huweza kuona dagaa wa Ziwa Viktoria wakiandikiwa protini gramu 18 katika moja na gramu 64 katika nyingine, na mara nyingi tofauti hiyo hutokana na maji tu. Gramu 100 za dagaa wabichi, zikiwa na maji gramu 75 hivi na protini gramu 18, zikianikwa hubaki takriban gramu 28, na kwa kuwa protini haitoki pamoja na maji, kila gramu 100 za dagaa wakavu huwa na gramu 64. Anayepima wakavu kisha akachagua ingizo la wabichi hujipunja zaidi ya mara tatu.

Kwanza, basi, isomwe hali ya chakula: kibichi, kikavu au kilichopikwa. Kisha nishati ihakikiwe kwa hesabu: gramu ya protini au wanga hutoa kilokalori 4, ya mafuta 9; hivyo protini gramu 64 na mafuta gramu 14 hutoa kilokalori 382, na ingizo lenye namba hizo linalodai 200 likataliwe.

Maingizo mengi huandikwa na watumiaji wenyewe bila kuhakikiwa; linaloaminika zaidi hutaja chanzo chake, kama majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2008.